Benki imeandika 985, daftari linasema 1,000: namna ya kuoanisha taarifa ya benki na malipo kila usiku

Daftari la hesabu na taarifa ya benki huzungumzia fedha ileile, ila hazizungumzi siku moja wala kwa kiasi kimoja. Mtunza hesabu huandika malipo pale mteja anapoleta uthibitisho kwamba ametuma. Benki huandika fedha ikishaingia kwenye akaunti, na mara nyingi huwa tayari imemegwa njiani. Programu inayoamka usiku, ikavuta mistari mipya ya benki na kuiunganisha na malipo yaliyoandikwa, inafanya kazi katikati ya tofauti hizo mbili: tofauti ya siku na tofauti ya makato.

Kuvuta mistari si kazi ngumu. Ugumu uko kwenye kuamua mstari upi ni wa malipo yapi, na hasa kujua ni lini programu isiamue. Tufuate usiku mmoja wenye mistari minne, maana minne hiyo inabeba karibu kila tatizo linalostahili kuelezwa.

Taarifa ya Jumatatu

Taarifa ni ya Jumatatu, 4 Machi 2024. Salio anzia ni 12,400.00. Mstari wa kwanza ni fedha iliyoingia, 985.00, bila kumbukumbu yoyote ya ankara. Wa pili pia ni fedha iliyoingia, 2,910.00, kutoka kwa kampuni inayotupitishia malipo ya kadi. Wa tatu ni hundi yetu iliyolipwa, 450.00 imetoka. Wa nne ni ada ya akaunti, 12.00 imetoka. Salio ishia ni 15,833.00.

Kwenye daftari kuna malipo mawili yaliyoandikwa Ijumaa, 1 Machi. La kwanza ni 1,000.00 kutoka kwa mteja aliye nje ya nchi, kampuni ya usafirishaji, kwa ankara AN-1042. La pili ni 985.00 kutoka kwa duka la vitabu, kwa ankara AN-1047. Kuna malipo matatu ya kadi ya Jumamosi, 1,200.00, 1,050.00 na 750.00. Na kuna hundi ya 450.00 tuliyoiandika tarehe 12 Februari.

Msomaji makini ameshaona mtego. Mstari wa 985.00 unalingana senti kwa senti na malipo ya duka la vitabu. Lakini mteja wa nje hukatwa 15.00 na benki kila anapotuma, kwa hiyo 1,000.00 yake nayo hufika ikiwa 985.00. Tutarudi hapo. Kwanza mistari yenyewe iingie salama.

Kuingiza mistari bila kuirudia na bila kuipoteza

Benki hutoa taarifa kwa maumbo kadhaa. La zamani ambalo bado limejaa kila mahali ni MT940, na linalochukua nafasi yake ni camt.053, faili la XML linalofuata kiwango cha ISO 20022. Wengine hupata CSV tu, ambayo kila benki huipanga inavyotaka. Katika MT940, mstari wetu wa kwanza ungeonekana hivi:

```
:61:2403040304C985,00NTRFNONREF//B77213
```

Tarakimu sita za kwanza, `240304`, ni tarehe ya thamani: siku ambayo fedha huanza kuhesabiwa kwa ajili ya riba. Nne zinazofuata, `0304`, ni tarehe ambayo benki imeuandika mstari kwenye akaunti. `C` ni fedha iliyoingia. `NONREF` maana yake mtumaji hakuweka kumbukumbu, na kilicho baada ya mikwaju miwili ni kumbukumbu ya benki yenyewe.

Tazama kwamba tarehe ya pili haina mwaka. Karibu mwaka mzima hilo halisumbui. Lakini mstari wenye thamani ya 2 Januari 2024 na uandishi wa `1231` ni wa 31 Desemba 2023. Programu inayokopa mwaka kutoka tarehe ya kwanza bila kufikiri itauweka 31 Desemba 2024, miezi kumi na miwili mbele. Dawa ni kuchagua mwaka unaozileta tarehe hizo mbili karibu zaidi.

Kwa kuoanisha, na kwa kulinganisha masalio, tumia tarehe ya uandishi. Kwenye camt.053 inaitwa `BookgDt`, na ya thamani ni `ValDt`.

Baada ya kusoma faili, kabla ya kuhifadhi hata mstari mmoja, kuna hesabu mbili za lazima. Salio anzia likijumlishwa na mistari yote, zinazoingia kwa kujumlisha na zinazotoka kwa kutoa, lazima lifike kwenye salio ishia. Yetu: 12,400 + 985 + 2,910 − 450 − 12 = 15,833. Sawa. Kisha salio anzia la leo lazima liwe salio ishia la taarifa iliyotangulia. Hesabu ya kwanza hugundua mstari uliosomwa vibaya. Ya pili hugundua faili zima lililokosekana, jambo ambalo ni rahisi kulipita, kwa sababu siku isiyo na faili inafanana kabisa na siku isiyo na miamala. Hesabu yoyote kati ya hizo ikigoma, faili lisiingie, na mtu aambiwe.

Sasa kuhusu kurudia. Programu inayovuta "jana tu" itapoteza mistari siku benki ikichelewa, au siku seva ikizimika. Kwa hiyo kila usiku vuta siku saba zilizopita, na uache mistari iliyokwisha kuingia. Hapo unahitaji kujua kwamba mstari huu ndio ule wa jana. Benki ikikupa namba ya kipekee ya kila mstari, itumie. Isipokupa, tengeneza alama kutokana na akaunti, tarehe ya uandishi, kiasi na maelezo, ukishaondoa nafasi za ziada kwenye maelezo.

Alama hiyo peke yake haitoshi. Benki inaweza kukata ada mbili zinazofanana siku moja, maelezo yaleyale, kiasi kilekile, na zote mbili ni za kweli. Programu yenye alama tupu itaitupa ya pili kama marudio, na salio litakuwa juu kwa kiasi cha ada moja. Ongeza basi namba ya mfuatano: huu ni wa kwanza kati ya mistari inayofanana ya siku hiyo, huu ni wa pili. Namba hiyo ina sharti lake: uwe unaingiza siku zilizofungwa tu. Ukiingiza Jumatatu ikiwa bado nusu, na benki baadaye ikapanga upya mistari, mfuatano hautaaminika tena. Mistari ambayo benki yenyewe inaitaja kuwa bado inasubiri iachwe nje kabisa, kwa kuwa inaweza kubadilika kiasi, tarehe, au kufutika.

Kuhusu kiasi chenyewe: kihifadhi kama namba kamili ya senti, 98500 na si 985.00. Namba zenye desimali ndani ya kompyuta mara nyingi huwa na makosa madogo ya kukadiria, na usawa wa senti kwa senti ndio msingi wa kila kitu kinachofuata.

Pengo la siku si moja kwa kila njia ya malipo

Watu wengi huweka kanuni moja: tarehe zikipishana kwa siku tatu au pungufu, ni sawa. Kanuni hiyo ni finyu mno kwa hundi, na kwa malipo mengine haiangalii kabisa upande ambao pengo linaelekea.

Malipo ya kutuma benki kwa benki huchelewa kwa sababu za kawaida: yametumwa baada ya saa ya mwisho ya kupokea, yamekutana na wikendi, au na sikukuu ya nchi ya mtumaji ambayo kwako ni siku ya kazi. Siku tano za kalenda mbele hutosha kwa mengi. Lakini dirisha lirudi nyuma pia, siku moja au mbili, kwa kuwa mtunza hesabu naye huchelewa: fedha imeingia Alhamisi, yeye ameandika Ijumaa. Programu inayotazama mbele tu itaacha malipo hayo wazi milele.

Hundi ni habari nyingine. Yetu iliandikwa 12 Februari na benki imeilipa 4 Machi, siku ishirini na moja baadaye, na hakuna ubaya wowote. Aliyepewa hundi huipeleka benki anapopenda, na sehemu nyingi hundi hukubalika hadi miezi sita. Ukifungua dirisha la miezi sita kwa kiasi peke yake, utaokota malipo ya watu wasiohusika. Lakini hundi ina namba, na namba hiyo huonekana kwenye taarifa ya benki. Namba na kiasi vikikubaliana, tarehe haina kazi kubwa tena.

Hapo ndipo ninapopata kanuni ninayoiona ya maana kuliko idadi yoyote ya siku: upana wa dirisha utegemee nguvu ya ushahidi mwingine. Kumbukumbu ya ankara ipo na kiasi kinalingana? Ruhusu hata mwezi. Kiasi tu ndicho kinacholingana? Siku chache. Kiasi chenyewe kinahitaji kusahihishwa kwa makato? Basi siku ziwe chache, na ushahidi mwingine utafutwe.

Makato: jedwali la ada, si "tofauti kidogo"

Makato huja kwa sura tatu. Yapo yanayokuja kama mstari wake, kama ile 12.00 ya ada ya akaunti. Hayo hayana malipo ya kuoana nayo. Huandikwa moja kwa moja kwenye akaunti ya ada za benki kwa kanuni inayotambua maelezo yake. Yapo yaliyomegwa ndani ya kiasi kabla hakijafika, kama 15.00 ya mteja wa nje. Na yapo ya asilimia, kama ya malipo ya kadi.

Kishawishi kikubwa ni kuweka uvumilivu wa jumla: kubali kila tofauti isiyozidi asilimia mbili, iandike kuwa ni ada. Ukifanya hivyo, umempa kila mteja punguzo asilohitaji kumwomba mtu ruhusa. Anayedaiwa 1,000 akalipa 985 kwa sababu anabisha kuhusu bidhaa moja, deni lake la 15 litafutwa usiku na programu, kimyakimya, na litaingia kwenye akaunti ya ada za benki ambako hakuna atakayelitafuta.

Badala ya uvumilivu, weka jedwali. Kwa kila njia ya malipo, andika ada zinazojulikana: kutoka nje ya nchi, 15.00 kamili, kadi, asilimia 3, kutoka benki ya ndani, sifuri. Pengo kati ya daftari na benki likiwa ni mojawapo ya ada za njia hiyo, kamili, ni jozi inayowezekana. Likiwa 14.20, si ada tunayoijua, na mtu aangalie.

Kwa malipo ya nje, kuna vidokezo viwili ndani ya faili lenyewe ambavyo wengi huvipita. Cha kwanza ni nani amekubali kubeba gharama: `OUR`, au `DEBT` kwenye camt.053, maana yake mtumaji anabeba zote, `SHA` au `SHAR` kila upande unabeba zake, `BEN` au `CRED` mpokeaji anabeba zote. Mteja aliyeagiza `OUR` hapaswi kuwa na pengo, kwa hiyo pengo lake ni swali na si ada. Cha pili, katika camt.053 benki inaweza kujaza `InstdAmt`, kiasi ambacho mtumaji aliagiza kitumwe. Ukikuta humo 1,000.00 na kilichoingia ni 985.00, hakuna cha kukisia. Kwa bahati mbaya benki hazijazi sehemu hizo kila mara, na MT940 ndiyo kabisa, hutegemea maandishi huru ya mstari wa `:86:` ambayo kila benki huyaandika kwa mtindo wake.

Tafuta jozi zote kwanza, funga baadaye

Sasa turudi kwenye 985.00. Swali la kutafuta jozi zinazowezekana kwa malipo ya kutumwa, kwa PostgreSQL, ni fupi. Kiasi hapa ni kwa senti, na nimeiandika ada kwa mkono ili isomeke; kwa kawaida ingetoka kwenye jedwali kulingana na njia ya malipo.

```sql
SELECT b.id AS mstari, d.id AS malipo,
       d.kiasi - b.kiasi AS pengo
FROM benki b
JOIN daftari d
  ON b.tarehe BETWEEN d.tarehe - 2 AND d.tarehe + 5
 AND d.kiasi - b.kiasi IN (0, 1500)
WHERE b.hali = 'wazi' AND d.hali = 'wazi';
```

Kwa mstari wetu wa kwanza, jibu lina safu mbili: duka la vitabu, pengo 0, na kampuni ya usafirishaji, pengo 1500.

Programu nyingi hazifiki hapa. Zinakwenda kwa awamu: kwanza funga kila kinacholingana kamili, kisha jaribu ada kwa vilivyobaki. Inaonekana busara, maana kinacholingana kamili ni bora kuliko kinachokaribia. Katika usiku wetu ingefunga 985.00 na duka la vitabu papo hapo, bila kujua kwamba kulikuwa na mgombea wa pili. Jumatano, 6 Machi, unafika mstari mwingine wa 985.00, safari hii ukiwa na kumbukumbu AN-1047. Malipo ya AN-1047 yamekwisha kufungwa. Awamu ya ada inaona malipo ya 1,000.00 yamebaki wazi, pengo ni 15.00, siku ziko ndani ya dirisha, na inafunga.

Matokeo yake ni kosa ambalo salio haliwezi kuliona. Fedha yote imehesabiwa, ada ni 15.00 kama inavyotakiwa, wateja wote wawili hawadaiwi. Ila kila mstari umepewa mteja wa mwenzake. Likibaki hivyo bila mtu kuligusa, pengine halitamuumiza yeyote. Litaumiza siku benki itakaporudisha moja ya malipo hayo, kwa mfano mtumaji amelalamika kwamba yametoka kimakosa: urejeshaji utafuata mstari, na deni litamwangukia mteja asiye wake. Na kama mstari wa Jumatano usingefika kabisa, duka la vitabu lingehesabiwa limelipa ilhali halijalipa, huku mteja wa nje aliyelipa akipigiwa simu za kudaiwa.

Njia salama ni kuorodhesha jozi zote zinazowezekana, kwa kanuni zote, kabla ya kufunga yoyote. Kisha funga tu zile ambazo mstari una malipo mamoja tu yanayowezekana, na malipo hayo nayo yana mstari mmoja tu. Sharti la pande zote mbili ni muhimu. Mstari unaweza kuwa na mgombea mmoja, lakini mgombea huyo akawa anagombewa na mistari mitatu.

Kumbukumbu ya ankara huvunja utata. Mstari wenye AN-1047 na kiasi kamili hufungwa na AN-1047 hata kama kuna malipo mengine yanayowezekana. Jina la mtumaji na namba ya akaunti yake husaidia pia, ingawa majina kwenye taarifa hukatwa katikati na kuandikwa kwa vifupisho, kwa hiyo mimi huyatumia kukataa jozi kuliko kuithibitisha: namba ya akaunti ikiwa ni ya mteja mwingine tunayemjua, jozi hiyo ifutwe. Na kwenye camt.053, kumbuka kwamba `NOTPROVIDED` ndani ya `EndToEndId` si kumbukumbu, ni tangazo la kutokuwapo kwa kumbukumbu. Programu inayoilinganisha kama maandishi ya kawaida itaona malipo kadhaa "yenye kumbukumbu moja" na kufurahi bure.

Kwa kanuni hii, Jumatatu usiku mstari wa kwanza unabaki wazi, ukiwa na wagombea wawili walioandikwa pembeni yake. Jumatano mstari wa pili unafika na kumbukumbu yake na kufungwa na duka la vitabu. Kwa kuwa programu hurudia hesabu ya jozi kila baada ya kufunga, mstari wa Jumatatu sasa umebaki na mgombea mmoja, naye hana mwingine. Pengo ni 15.00, ndiyo ada ya njia yake. Unafungwa usiku huohuo, bila mkono wa mtu. Kusubiri siku mbili kumeipa programu jibu ambalo Jumatatu halikuwapo.

Wapo watakaosema mistari mingi mno itabaki wazi. Katika siku za kwanza, ndiyo. Lakini inayobaki wazi kwa utata halisi huwa michache, na dawa yake iko nje ya programu: wateja wakiweka namba ya ankara kwenye malipo, sehemu kubwa ya makala hii haihitajiki.

Mstari mmoja, malipo matatu

Mstari wa kadi, 2,910.00, hauwezi kuoana na malipo yoyote moja moja. Kampuni ya kadi imekusanya malipo ya siku, ikatoa asilimia 3, ikatuma kilichobaki. Hapa anza na fomula: 2,910 gawanya kwa 0.97 ni 3,000. Sasa tafuta malipo ya kadi ya siku moja yanayojumlisha 3,000: 1,200 + 1,050 + 750. Ada ni 90.00.

Usiruhusu programu ijaribu kila mchanganyiko wa malipo yaliyo wazi ili kupata jumla inayotakiwa. Malipo ishirini yana michanganyiko zaidi ya milioni moja, na tatizo kubwa si muda wa kompyuta. Michanganyiko ikiwa mingi kiasi hicho, mmoja utafika kwenye jumla kwa bahati tu, na programu haitajua kuutofautisha na wa kweli. Weka mipaka kabla ya kujumlisha: njia moja ya malipo, siku moja ya mauzo, na siku hiyo ichukuliwe nzima. Jumla ya siku nzima isipofika, kuna sababu inayotafutwa kwa jicho, na mara nyingi ni marejesho kwa mteja yaliyokatwa ndani ya kundi lilelile.

Bora zaidi ni ripoti ya kampuni ya kadi yenyewe, inayoorodhesha kila muamala uliomo ndani ya kundi pamoja na ada yake. Ukiwa nayo, ingiza hiyo, na mstari wa benki ulinganishwe na jumla ya ripoti. Acha nafasi ya senti moja kwa kila muamala, kwa kuwa baadhi ya kampuni hukadiria ada hadi senti kamili kwa kila muamala na nyingine hukadiria mara moja kwenye jumla.

Kinachoandikwa jozi ikifungwa

Kwa kawaida malipo yaliyoandikwa Ijumaa hayakuingizwa kwenye akaunti ya benki moja kwa moja, bali kwenye akaunti ya mpito ya fedha zilizo njiani: debiti mpito 1,000.00, krediti wadaiwa 1,000.00. Jozi ikifungwa: debiti benki 985.00, debiti ada za benki 15.00, krediti mpito 1,000.00. Deni la mteja limefutika lote, benki ina kilichoingia kweli, na ada imeonekana ilipo.

Tarehe za maingizo ndizo hukosewa. Ingizo la kufunga huchukua tarehe ya benki, 4 Machi. Malipo ya Ijumaa hubaki na tarehe yake, 1 Machi. Nimeona programu ambayo, ili "kusafisha" pengo la siku, hubadilisha tarehe ya malipo ifanane na ya benki. Kama malipo yaliandikwa 29 Februari na benki ikayapokea 4 Machi, kitendo hicho huyahamisha kutoka Februari kwenda Machi, na ripoti ya Februari iliyokwisha kutolewa inabadilika bila mtu kuigusa. Pengo hilo ni la kweli. Mwisho wa Februari fedha ilikuwa njiani, na akaunti ya mpito ipo kwa ajili ya kusema hivyo.

Pamoja na maingizo, hifadhi kanuni iliyofunga jozi: kumbukumbu, kiasi kamili, ada inayojulikana, kundi la kadi, au jina la mtu aliyefunga kwa mkono. Kuifungua jozi kuwe ni kuandika maingizo ya kinyume, si kufuta. Siku utakapogundua kanuni ya ada ilikuwa na kasoro, utahitaji kupata jozi zote zilizofungwa nayo na kuziacha nyingine.

Asubuhi

Anayefungua ripoti asubuhi hahitaji kusoma yaliyofungwa. Anahitaji kwanza kuona kwamba faili limefika na masalio yameungana na ya jana. Kisha mistari ya benki iliyo wazi pamoja na wagombea wake, na malipo ya daftari yaliyo wazi, yakipangwa kwa umri. Malipo ya kutumwa yenye siku nane bila mstari hayako njiani tena, na mtu apige simu. Hundi yenye siku ishirini bado haijafikia hapo.

Kuna ukaguzi mmoja wa haraka unaokamata makosa ambayo ripoti ya usiku haiyaoni. Jumla ya malipo yaliyo wazi iwe sawa na salio la akaunti ya mpito. Ikipishana, kuna aliyeandika ingizo kwa mkono pembeni ya utaratibu. Na mwisho wa mwezi, panga ada zilizoandikwa na programu kwa mteja mmoja mmoja. Mteja wa nje aliyelipa mara nne awe na 60.00. Mteja wa ndani, ambaye njia yake haina ada, akionekana na hata 15.00, kuna jozi iliyofungwa vibaya au jedwali la ada lililowekwa njia isiyo yake.